Umethibitishwa Kazini, Lakini kwa Masharti Yapi?

Maofisini kwetu kuna imani ambayo hata mameneja wengi wanayo: kipindi cha majaribio kikiisha na mtu hajaambiwa lolote, basi keshathibitishwa. Mfanyakazi anajipa moyo kwamba kama hawamtaki wangeshasema. Mwajiri naye haoni haja ya karatasi nyingine, maana mtu yuko kazini na mshahara unaingia. Wote wawili wanakosea, ila anayelipia kosa hilo kwa kawaida ni mmoja.

Nazungumzia sekta binafsi Tanzania Bara. Mtumishi wa umma ana taratibu zake, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Kwa Bara tunatawaliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 pamoja na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42. Kanuni hizo zinaruhusu kipindi cha majaribio cha urefu unaofaa kulingana na kazi yenyewe, ilimradi kisizidi miezi 12. Mwajiri ambaye bado hajaridhika anaweza kuongeza muda unaofaa baada ya kushauriana na mfanyakazi. Kenya wamechagua njia nyingine: Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka miezi 6, na kuongeza mingine isiyozidi 6 kunataka mfanyakazi mwenyewe akubali.

Sasa muda ukiisha na ofisi ikakaa kimya inakuwaje? Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijibu swali hilo katika Rufaa ya Madai Namba 61 ya 2016, iliyomhusu mfanyakazi wa benki. Ilisema kwamba kumalizika kwa muda wa majaribio peke yake hakumgeuzi mtu kuwa mfanyakazi aliyethibitishwa. Uthibitisho unategemea kutimizwa kwa masharti yaliyowekwa. Kwa kuwa alikuwa bado kwenye majaribio, hakuweza kudai nafuu anazopewa mtu aliyeachishwa kazi isivyo haki. Kwa maneno mengine, ule ukimya ambao mfanyakazi aliusoma kama ndiyo, mahakamani haukusomwa hivyo.

Ndiyo maana jibu linalotolewa kila siku kwenye korido zetu huniudhi. Kijana anauliza, "Dada, barua yangu ya kuthibitishwa bado?" Anajibiwa, "Fanya kazi mdogo wangu, tungekuwa hatukutaki ungeshajua." Kauli ni ya upole, na pengine anayeitoa anaamini kweli anachosema. Lakini miezi miwili baadaye bosi akibadilika, hakuna mahali popote kauli hiyo iliandikwa.

Hata barua ikitoka, kutoka kwake hakumalizi mambo. Hoja yangu ni kwamba barua nyingi za kuthibitisha wafanyakazi zimejaa pongezi, na mahali penye masharti zinapita haraka. Ndani ya ile "tunayo furaha kukujulisha" huwa yamepita mabadiliko matatu au manne ya mkataba ambayo hakuna aliyeyajadili. Tuichukue barua moja tuisome mstari kwa mstari. Kampuni ni ya kubuni, ila mistari ya aina hii mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya rasilimali watu ataitambua.

Tuseme mtunza stoo wa kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, Temeke, alianza kazi tarehe 3 Februari 2025 kwa majaribio ya miezi 6. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 600,000, posho ya usafiri 100,000 na ya chakula 50,000. Majaribio yaliisha tarehe 2 Agosti. Kimya. Mwishoni mwa Oktoba anaitwa na kukabidhiwa bahasha:

"Yah: Kuthibitishwa Kazini. Tunayo furaha kukujulisha kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2025 umeajiriwa rasmi kama Msimamizi wa Stoo kwa mshahara wa shilingi 750,000 kwa mwezi. Utastahili likizo ya mwaka baada ya kutimiza miezi 12 tangu kuthibitishwa. Ukitaka kuacha kazi utatoa notisi ya miezi 3. Kampuni inaweza kusitisha ajira yako kwa notisi ya mwezi 1. Masharti mengine yanabaki kama yalivyo. Hongera sana."

Ofisi nzima itampigia makofi na soda zitanunuliwa. Sisi tuanze na tarehe.

"Umeajiriwa rasmi kuanzia tarehe 1 Novemba" ni sentensi inayofuta miezi tisa ya kazi. Ajira ya mtu huyu ilianza tarehe 3 Februari, na majaribio yalikuwa sehemu ya ajira hiyo hiyo. Kilichobadilika Novemba ni hadhi yake. Tofauti hiyo inaonekana mara moja kwenye mstari wa likizo. Kwa sheria, mzunguko wa likizo ya mwaka ni miezi 12 tangu mtu alipoanza kazi, na likizo yenyewe haipungui siku 28 zikiwemo sikukuu zinazoangukia humo. Mzunguko wa mtunza stoo wetu unakamilika tarehe 2 Februari 2026. Barua inamsogeza mpaka mwisho wa Oktoba 2026. Hapo likizo yake imecheleweshwa karibu miezi tisa huku akiambiwa hongera.

Tarehe ya kuanza inabeba vitu vingine pia. Kiinua mgongo cha kisheria mtu anapoachishwa kazi ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kwanza kazini. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki nayo ina mstari wake wa miezi 6 ya utumishi. Kwa hiyo barua sahihi inataja tarehe mbili na kuzitenganisha: ulianza lini, na umethibitishwa kuanzia lini. Ile ya pili inapaswa kuwa siku inayofuata mwisho wa majaribio, yaani tarehe 3 Agosti, hata kama barua imechelewa kuandikwa. Mwajiri akitaka iwe Novemba, basi aseme Agosti hadi Oktoba mtu huyu alikuwa nani. Kama muda uliongezwa, iko wapi barua ya kuongeza, na walishauriana lini?

Twende kwenye mshahara, maana hapo ndipo mtu anapoangalia kwanza. Kutoka 600,000 hadi 750,000 kunaonekana ni nyongeza nzuri. Lakini barua haikusema neno juu ya posho. "Masharti mengine yanabaki kama yalivyo" ingemfanya mtu yeyote aamini kuwa posho zinaendelea, na jumla sasa ni 900,000. Mwisho wa Novemba anafungua hati ya mshahara anakuta 750,000, basi. Anakwenda kuuliza, "Dada, posho zangu zimekwenda wapi?" Anaambiwa, "Zimeingia humo humo kwenye mshahara, mdogo wangu."

Kuingiza posho kwenye mshahara wa msingi si lazima kuwe kumdhulumu mtu, na hapa natofautiana kidogo na wenzangu wanaoona hila kila mahali. Mshahara wa msingi ndio unaotumika kukokotoa malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo. Kwa fomula ya sheria, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa 45 za kawaida. Kwa 600,000, saa moja ya ziada, inayolipwa mara moja na nusu, ni kama shilingi 4,615. Kwa 750,000 inapanda hadi karibu 5,770. Mtunza stoo anayekesha kila mwisho wa mwezi akihesabu mzigo ataiona tofauti hiyo.

Ila kuna upande wa pili. Kama kampuni ilikuwa inakata mchango wa NSSF kwenye mshahara wa msingi pekee, na zipo zinazofanya hivyo, makato ya asilimia 10 yalikuwa 60,000 na sasa ni 75,000. Kodi ya mshahara itashuka kidogo kwa sababu mchango hutolewa kabla ya kodi, ila mkononi atapungukiwa kama 12,000. Mtu amepandishwa mshahara, halafu pesa inayoingia kwenye simu imepungua. Ni kweli akiba yake ya uzeeni inakua kwa 30,000 kila mwezi, ikihesabiwa na sehemu ya mwajiri. Ni kweli pia kwamba hakuna aliyemweleza hivyo, na kwake yeye hiyo si nyongeza, ni ulaghai. Dakika tano za kukaa naye na hati mbili za mshahara mezani, ya zamani na ya mwezi ujao, zingemaliza yote.

Kuhusu NSSF niseme jambo moja nikiwa hapo hapo. Baadhi ya waajiri husubiri mtu athibitishwe ndipo wamsajili, kana kwamba michango ni zawadi ya kufaulu. Wajibu wa kuchangia unaanza na ajira. Barua inayosema "utaanza kuchangiwa NSSF baada ya kuthibitishwa" inaandika kosa la mwajiri kwa mkono wake mwenyewe, na kulitia muhuri.

Cheo kinahitaji macho makali zaidi ya mshahara. Kutoka mtunza stoo kuwa Msimamizi wa Stoo kunapendeza kwenye kitambulisho. Lakini kanuni za saa za kazi, zikiwemo za malipo ya saa za ziada, hazimhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kwa hiyo ile 5,770 tuliyoipigia hesabu inaweza isilipwe kabisa. Hapa kinachoangaliwa ni kazi halisi, si jina lake. Kama hana mtu chini yake na anaripoti kwa meneja wa tawi vile vile kama zamani, jina jipya peke yake halimnyimi saa zake za ziada. Kama kweli amepewa vibarua wanne wa kusimamia na sasa anaripoti kwa mkurugenzi, hilo ni badiliko kubwa, na barua haiwezi kulitaja kwa maneno matatu. Inatakiwa maelezo mapya ya kazi yaambatanishwe, na mshahara ujadiliwe kwa kuzingatia kwamba saa za ziada zimeondoka.

Notisi ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu sheria yake ni fupi na watu bado wanaikosea. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, na baada ya hapo haipungui siku 28. Sheria haijali kama mtu yuko kwenye majaribio. Kwa hiyo mikataba inayosema "katika kipindi cha majaribio, saa 24" au "siku 7" kwa miezi yote 6, inasimama kwa mwezi wa kwanza tu, na ile ya saa 24 haisimami hata huo. Kurefusha notisi mtu anapothibitishwa kunaruhusiwa, ila urefu lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Miezi 3 kwa mfanyakazi na 1 kwa kampuni, kama ilivyo kwenye barua yetu, haikubaliki. Mwajiri anayeogopa mtunza stoo kuondoka ghafla na funguo anayo hoja nzuri ya kutaka miezi 3. Basi na yeye ajifunge kwa miezi 3.

Nyuma ya makosa yote haya kuna sheria moja ambayo ingeyazuia kama ingefuatwa. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, saa, malipo na namna yanavyokokotolewa, muda wa mkataba. Lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri anapaswa kuyarekebisha kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha kumjulisha kwa maandishi. Mpangilio huo ndio muhimu: mashauriano kwanza, barua baadaye. Barua inatakiwa kuandika yaliyokwisha kuzungumzwa. Ofisi nyingi hufanya kinyume, barua inachapwa, inasainiwa na mkurugenzi, ndipo mtu anaitwa. Hapo hakuna mashauriano tena, kwa sababu hakuna ofisa atakayerudi kwa mkurugenzi kumwambia aisaini upya.

Mazungumzo hayo hayahitaji kikao kikubwa. Kanuni za 2007 tayari zinamtaka mwajiri akutane na aliye kwenye majaribio mara kwa mara, amweleze tathmini yake na kumwelekeza. Aliyefanya hivyo mwezi wa pili na wa nne hana la kushtukiza mwezi wa sita. Wiki mbili tatu kabla ya muda kuisha, msimamizi wake na ofisa rasilimali watu wanakaa naye: tathmini yako ni hii, tunakuthibitisha, na kuna mambo matatu tunataka yabadilike. Anapewa rasimu akalale nayo. Siku mbili tatu baadaye anarudi na maswali yake, na kwa mtunza stoo wetu swali la kwanza ningelijua hata bila kuulizwa, ni posho. Kama tathmini si nzuri, ndio wakati wa kuzungumzia kuongeza muda, kwa sababu zilizotajwa na tarehe mpya ya mwisho, kabla muda wa kwanza haujakatika.

Barua inayozaliwa na mazungumzo hayo haina mapambo:

"Yah: Kuthibitishwa Kazini na Mabadiliko ya Masharti ya Ajira. Ulianza kazi tarehe 3 Februari 2025. Kufuatia tathmini na mazungumzo yetu ya tarehe 18 na 21 Julai, umethibitishwa kuanzia tarehe 3 Agosti 2025. Utumishi wako unahesabiwa tangu tarehe uliyoanza kazi. Yafuatayo yanabadilika kuanzia tarehe 3 Agosti: mshahara wa msingi utakuwa shilingi 750,000, posho ya usafiri na ya chakula zimejumuishwa humo na hazitalipwa tena peke yake, notisi itakuwa miezi 2 kwa kila upande. Cheo, kituo cha kazi, saa za kazi na likizo havibadiliki."

Angalia ile sentensi ya mwisho. "Masharti mengine yanabaki kama yalivyo" haimsaidii mtu ambaye mkataba wake wa mwanzo ulikuwa ujumbe wa simu na kupeana mikono. Kuyataja yanayobaki kunamlinda hata mwajiri, kwa sababu shauri likifika mbele na akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Ndiyo maana anatakiwa pia kuyatunza maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha.

Kisha kuna sahihi. Chini ya barua nyingi huwekwa mstari mmoja, "Nimesoma, nimeelewa na nimekubali", na mtu anaambiwa asaini pale pale kwa sababu dereva anasubiri kupeleka nakala makao makuu. Anayekubaliana na kila kitu asaini, hana neno. Mwenye shaka na sharti moja anaweza kuandika kwa kalamu juu ya sahihi yake, "Nimepokea tarehe fulani. Sijakubaliana na aya ya notisi", akabaki na nakala. Kusaini hivyo si ukaidi, na ofisa anayejua kazi yake hawezi kukasirika. Akiendelea kukaa kimya huku sharti hilo likitumika, ajue kwamba mgogoro wa aina hii, usiohusu kuachishwa kazi, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Zikipita, itambidi kwanza aombe ruhusa ya kufungua shauri nje ya muda na aeleze kwa nini alichelewa, kabla hata hajaulizwa kuhusu notisi yenyewe.